Je, nimelishinda soko?

“Nilianza mwaka na hisa za shilingi milioni 1, Julai nikaongeza laki 2, sasa ni milioni 1.3. Fahirisi ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, imepanda asilimia 6. Nimelishinda soko mara tano, sivyo?”

Tuanze na laki 2 ulizoongeza mwanzoni mwa Julai. Hiyo ni akiba yako, si faida. Ukiitoa, faida inabaki laki 1. Na zile laki 2 zilifanya kazi nusu mwaka tu, kwa hiyo zihesabu kama laki 1 ya mwaka mzima. Gawanya faida kwa mtaji wa wastani wa milioni 1.1: asilimia 9 na ushei.

Bado kuna gawio. Ulipokea 50,000 ukalinunulia hisa, lakini fahirisi za DSE hufuata bei tu, hazihesabu gawio. Ukilitoa upande wako, unabaki na asilimia 4.5 hivi dhidi ya 6. Njia bora zaidi ni kuliacha gawio lako na kuongeza gawio la soko kwenye fahirisi, ila kulikusanya ni kazi.

Tena, fahirisi ipi? DSEI, fahirisi ya kampuni zote za soko hilo, ina kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar, kama benki ya KCB. Kama unamiliki hisa za kampuni za Tanzania pekee, jilinganishe na TSI, fahirisi ya kampuni za Tanzania tu. Na uichague Januari, maana ukisubiri Desemba utaokota ile inayokupendeza.