Maneno 1,300 kwa siku 180: piga hesabu ya marudio kwanza

Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi anayejiandaa kwa mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A2, alinifuata wiki ya tano akiwa amekata tamaa. Alikuwa anaingiza maneno mapya 30 kila siku kwenye Anki, programu ya kadi inayopanga siku ya kurudia kila neno. Wiki ya kwanza ilikuwa mteremko. Sasa kila akifungua simu baada ya zamu anakutana na kadi zaidi ya 150, na nyingi hazikumbuki. Aliniuliza kama kichwa chake kina tatizo. Nikamwambia tuchukue karatasi.

Orodha ya maneno ya A2 ya Taasisi ya Goethe ina maneno takriban 1,300. Yeye alikuwa na miezi sita, yaani siku 180. Watu wengi hugawanya 1,300 kwa 180, wakapata maneno saba kwa siku, wakaridhika. Kosa liko hapo: neno la siku ya 179 utaingia nalo kwenye mtihani ukiwa umelirudia mara moja tu.

Tazama safari ya neno moja. Ukijifunza leo, linarudi kesho. Ukilikumbuka, linasubiri siku 3, kisha 8, kisha 20, kisha 50, kisha 125. Kila pengo ni kama mara mbili na nusu ya lililotangulia. Kwa hiyo neno la siku ya kwanza hurudiwa mara tano tu ndani ya miezi sita, rudio la mwisho likiwa karibu na siku ya 83. Neno la siku ya 130 hupata marudio manne kabla ya mtihani, na hayo yanatosha. Ndiyo maana hufunga mlango wa maneno mapya siku ya 130: 1,300 kwa siku 130 ni maneno 10 kwa siku. Siku 50 zinazobaki ni za kurudia tu.

Sasa mzigo. Wiki ya kwanza unarudia kadi 20 hivi kwa siku. Baada ya siku 40, yale ya jana, ya siku nne, ya siku 12 na ya siku 32 zilizopita yote yanakudai siku moja: kadi 40. Ukivuka siku ya 90 ni 50. Hapo nimechukulia kwamba hukosei kamwe. Ukikosa moja katika kila kumi, ambacho ni kiwango kizuri, kadi zilizokosewa huanza safari upya na jumla inakaribia 70. Ni dakika 20 hivi. Kwa maneno 30 kwa siku, zidisha yote hayo kwa tatu. Kichwa cha muuguzi wangu hakikuwa na tatizo lolote.

Tulisimamisha maneno mapya kabisa, tukamaliza deni kwa kiwango cha kadi 100 kwa siku, kadi zenye pengo fupi zikitangulia kwa sababu ndizo zinazosahaulika upesi. Ilichukua kama wiki mbili. Kisha akarudi na maneno 10. Hivyo hivyo hufanywa mtu akiugua au akisafiri. Kulipa deni lote usiku mmoja ni kujibu ovyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Akisahau neno alikuwa anabonyeza `Hard`, maana `Again`, kitufe cha neno lililosahaulika, ilimfanya ajione ameshindwa. Lakini `Hard` ni ya neno ulilolikumbuka kwa taabu, na programu huongeza pengo. Neno alilosahau lilikuwa linasukumwa mbele badala ya kurudi kesho. Niliona kwenye takwimu zake: kadi changa, zenye pengo fupi, sawa; kadi zilizokomaa, zenye pengo refu, zinaporomoka. Mimi huangalia asilimia ya kadi zilizokomaa zinazokumbukwa kila wiki mbili. Ikishuka chini ya 80, napunguza maneno mapya hadi matano. Ikizidi 95, mapengo ni mafupi mno na unapoteza muda.

Kadi iliyokosewa mara nane Anki huiita `leech` na huweza kuisimamisha. Usiirudishe ilivyo. Kwake, sugu zilikuwa *bekommen* (kupata), *ankommen* (kufika) na *mitkommen* (kufuatana na mtu), zote ziliingizwa siku moja na zinavurugana. Tulibakisha moja, nyingine tukaziahirisha wiki tatu, kila moja ndani ya sentensi fupi ya wodini. Nomino nazo huziandika pamoja na *der*, *die* au *das*; kuzijifunza bila hizo ni sawa na mgeni anayejua "kiti" na "mti" lakini hajui ngeli zake.

Baada ya siku ya 130 mzigo hushuka wenyewe, na siku ya 165 anabaki na kadi 20 hivi. Dakika zinazopatikana hapo nampa za kusikiliza.