Javeli na siki havichanganywi kuondoa rangi ya nywele

Kuna ujumbe unaosambazwa unaosema: "Changanya javeli na siki, rangi ya nywele itatoka mikononi na kwenye beseni mara moja."

Siki ni asidi. Ikikutana na javeli hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Rangi nyingi za nywele nazo zina amonia, ambayo ikichanganyika na javeli hutoa kloramini, gesi nyingine yenye sumu. Wengi hudhani harufu kali ndiyo nguvu ya dawa. Ili kuhakiki, soma lebo ya javeli badala ya kunusa: onyo la kutoichanganya huandikwa hapo, mara nyingi kwa Kifaransa. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo.

Anayepaka rangi nyumbani Bukavu, ambako baridi ya jioni huwafanya watu wafunge madirisha, afungue dirisha na mlango kwanza, avae glavu tangu kuchanganya hadi kusuuza, na apake vaselini kwenye ngozi ya paji la uso na masikio, si kwenye nywele zenyewe, maana hazitashika rangi. Beseni lisuguliwe kwa sabuni na maji. Macho yakianza kuwasha, toka nje upesi. Usibaki ndani ukijaribu kumwaga mchanganyiko.