Je, wajua kodi inaingiaje unapouza mashine ya zamani na kununua mpya?

“Mashine yetu ya kukamua alizeti bado inafanya kazi, na kwenye vitabu bado ina thamani ya shilingi milioni 30. Mteja anatupa milioni 20. Tuiuze tununue mpya, au tuivumilie? Na tukiiuza, TRA watachukua nini?”

Ile milioni 30 iwekwe kando kwanza, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu wengi. Ni gharama ya zamani ambayo mhasibu hajamaliza kuigawa katika miaka, na haiwezi kuchukuliwa benki. Mkiuza kwa milioni 20, taarifa ya mapato na matumizi itaonyesha hasara ya milioni 10, na nimeona wakurugenzi wakikataa kuuza kwa kuiogopa hasara hiyo peke yake, ilhali hakuna hata shilingi moja iliyotoka mfukoni siku hiyo. Vivyo hivyo kwa pesa ya matengenezo iliyotumika mwaka jana: imekwenda, na haitarudi mkiuza wala msipouza. Kinachohesabiwa ni fedha ambazo zitatofautiana kuanzia leo kati ya njia mbili, yaani kubaki na mashine ya zamani au kuibadilisha. Tofauti hiyo ndiyo wahasibu wanayoiita mtiririko wa fedha wa nyongeza.

Tuichukue kampuni ya mfano mkoani Singida, inayolipa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 na inayokamua tani 300 za alizeti kwa mwaka. Tarakimu za biashara hapa ni zangu za kufafanulia, na bei zote hazina VAT. Mashine mpya, pamoja na usafiri na kufungwa, inagharimu milioni 100. Ya zamani inatoa kilo 28 za mafuta katika kila kilo 100 za mbegu, na mpya inatoa kilo 31. Kwa hiyo mafuta ya ziada ni kilo 9,000 kwa mwaka, na kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo hayo ni karibu milioni 30. Hapa ndipo muuzaji wa mashine hukomea anapopiga hesabu zake mbele ya mteja.

Lakini mafuta hayo hayakuwa yakipotea. Yalikuwa yamebaki ndani ya mashudu, na mashudu yaliuzwa kwa wafugaji kwa shilingi 800 kwa kilo. Kila kilo ya mafuta inayopatikana zaidi ni kilo moja ya mashudu inayopungua, kwa hiyo faida ya kweli ya kila kilo ni shilingi 2,500, na jumla ya mwaka ni milioni 22.5. (Kuna wafugaji watakaolalamika kwamba mashudu yamekuwa makavu na kutaka bei ishuke, jambo ambalo sikuliingiza kwenye hesabu, ila ni vyema mwenye kiwanda alitafakari.) Ongeza milioni 6 za matengenezo yatakayopungua, toa milioni 2.5 za umeme wa ziada wa mota kubwa zaidi, na nyongeza ya mwaka kabla ya kodi inabaki milioni 26. Baada ya asilimia 30 ya kodi, kampuni inabakiwa na milioni 18.2 kila mwaka.

Sasa tuje kwenye kodi ya mauzo yenyewe. Mifano mingi ya darasani huichukulia mashine kama kitu kinachosimama peke yake: unalinganisha bei ya kuuza na thamani yake ya kikodi, faida inatozwa kodi, na hasara inapunguza kodi. Tanzania haifanyi hivyo. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Jedwali la Tatu, mali zinazochakaa huwekwa katika mafungu, na mitambo inayotumika viwandani iko daraja la pili, ambalo hupewa posho ya uchakavu, yaani kiasi kinachoondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi, ya asilimia 25 kwa mwaka ya salio linalobaki. Unaponunua mali, gharama yake inaingia kwenye fungu. Unapouza, bei uliyopata inatolewa kwenye fungu. Posho hukatwa kwenye kinachobaki, bila kuulizwa kama mashine hii au ile imeleta faida.

Tuseme mashine ya zamani iko peke yake kwenye fungu, na kwa kuwa posho ya kodi imekuwa ikikatwa haraka kuliko uchakavu wa vitabuni, fungu lilianza mwaka likiwa na milioni 8 tu. Linganisha na ile milioni 30: vitabu vinaonyesha hasara ya milioni 10, huku kwa macho ya kodi bei ya milioni 20 imezidi salio kwa milioni 12. Mtu anayejua kanuni ya darasani atasema mara moja kwamba kodi ni asilimia 30 ya milioni 12, yaani milioni 3.6, na kwamba kampuni inabakiwa na milioni 16.4.

Jibu hilo ni sahihi au si sahihi kutegemea tarehe. Kama mashine ya zamani inauzwa na mpya inanunuliwa na kuanza kazi ndani ya mwaka mmoja wa mapato, fungu linakuwa na milioni 8 kujumlisha 100 kutoa 20, yaani milioni 88. Hakuna kilichozidi salio, kwa hiyo hakuna kodi ya papo hapo. Milioni 20 zote zinabaki mkononi, na kodi yake inalipwa taratibu, kwa sababu posho za miaka ijayo zinakatwa kwenye milioni 88 badala ya 108. Lakini kama ya zamani imeuzwa Desemba, fungu likiwa na milioni 8 kabla ya posho ya mwaka huo, na mpya ikafika Januari, fungu linafunga mwaka likiwa halina mali. Ziada ya milioni 12 inaingizwa kwenye mapato ya mwaka huo, na milioni 3.6 zinadaiwa. Fedha hizo zitarejea baadaye, kwa kuwa mashine mpya itaanza na fungu lake la milioni 100 kamili, ila zitarejea kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kontena lililochelewa bandarini Dar es Salaam kwa wiki mbili linaweza kuwa na maana hiyo.

Katika mfano wetu shughuli zote zinafanyika mwanzoni mwa mwaka mmoja. Angalieni sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote katika hesabu hii. Mkibaki na mashine ya zamani, fungu ni milioni 8, na mkibadilisha ni milioni 88. Tofauti ni milioni 80, ambayo ni bei ya mashine mpya kutoa bei ya kuuza ya zamani. Zile milioni 8 ziko pande zote mbili na zinafutana, kwa hiyo thamani ya zamani ya mashine haina nafasi hata kwenye kodi, si ya vitabuni wala ya TRA.

Posho ya ziada ya mwaka wa kwanza ni asilimia 25 ya milioni 80, yaani milioni 20, na kodi inayookolewa ni milioni 6. Mwaka wa pili ni milioni 4.5, wa tatu karibu milioni 3.4, kisha 2.5 na 1.9. Sheria ina nafuu kubwa zaidi ya mwaka wa kwanza kwa baadhi ya mitambo ya viwandani, ambayo nimeiacha nje ili hesabu isomeke. Anayestahili atapata picha nzuri kuliko hii.

Fedha za baadaye hazilingani na za leo, kwa hiyo tuzishushe kwa asilimia 15 kwa mwaka, kiwango ambacho kampuni yetu ingelipa kwa mkopo. Milioni 18.2 za kila mwaka kwa miaka mitano zina thamani ya leo ya milioni 61. Kodi iliyookolewa kwa posho ina thamani ya milioni 13.2. Mwisho wa mwaka wa tano, tuseme mashine mpya itauzwa milioni 25, ilhali ya zamani wakati huo ingeuzwa milioni 2 kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tofauti ni milioni 23. Salio la ziada kwenye fungu litakuwa limeshuka hadi karibu milioni 19, kwa hiyo kama kampuni inafunga fungu wakati huo, ziada ya milioni 4 inatozwa kodi ya milioni 1.2. Zinabaki milioni 21.8, ambazo kwa thamani ya leo ni milioni 10.8.

Jumla ni milioni 85. Fedha zinazotoka leo ni milioni 100 kutoa 20, yaani 80. Kubadilisha kunaiongezea kampuni milioni 5, na hivyo kunafaa, ingawa kwa tofauti nyembamba. Laiti tungesahau mashudu, hesabu ingeonyesha milioni 22, na hakuna ambaye angeuliza swali lolote.

Kwa kuwa tofauti ni nyembamba, inabidi kujua ni tarakimu ipi inayoweza kuigeuza. Kodi, licha ya maneno yote niliyoandika juu yake, siyo. Ni ile milioni 25 ya mwaka wa tano, ambayo imetajwa na mtu asiyekuwa na mnunuzi mkononi. Ikishuka hadi milioni 10, kodi inapoza kidogo, kwa sababu salio la fungu lililobaki linakatwa kwenye mapato, lakini ile faida ya milioni 5 inayeyuka na kubaki sifuri kasoro kidogo. Kabla ya kusaini, tafuteni kiwanda kilichouza mashine ya aina hiyo hiyo ikiwa na umri wa miaka mitano, muulize ilikwenda kwa bei gani.

Hesabu yote ya posho pia inategemea kampuni kuwa na faida inayotozwa kodi. Inayopata hasara itabeba posho zake kwenda miaka ya mbele, na thamani yake inapungua kadiri inavyosubiri. Mwenye kinu kidogo anayelipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo yake hapati posho ya uchakavu kabisa, kwa hiyo upande wa posho afute mistari yote, asikate asilimia 30 kwenye milioni 26, na badala yake aangalie kama mauzo ya mafuta ya ziada yatamsogeza kwenye kiwango cha juu zaidi cha makadirio.