Mafuta kwenye ini: tunayoambiana Tanga na yanayosemwa na vipimo

Siku hizi Tanga mjini ukikaa kwenye benchi la kusubiri vipimo, hukosi mtu mwenye karatasi ya utrasaundi iliyoandikwa kwamba ini lake lina mafuta. Karatasi hiyo huzaa maneno mengi njiani kabla haijafika kwa daktari. Nitayapitia machache, na ili tusiongee hewani tumchukue mama mmoja wa mfano. Ana miaka 52, anakaanga maandazi alfajiri huko Ngamiani. Uzito wake ni kilo 84, urefu sentimita 160, kiuno sentimita 104. Kisukari chake kiligunduliwa miaka miwili nyuma. Pombe hajaigusa maishani. Utrasaundi imeonyesha ini linalong'aa kuliko figo, na vipimo vya damu vimerudi hivi: vimeng'enya vya ini ALT 31 na AST 38, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 178. Maabara imeandika kwamba vyote viko sawa.

Dhana: "Vimeng'enya viko sawa, basi ini halina neno"

Hili ndilo kosa linalowapoteza wengi, wakiwemo watabibu. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, na kikionekana kwa wingi kwenye damu maana yake seli zinaumia. Lakini ini linaweza kujaa mafuta, hata kuanza kupata makovu, na ALT isipande. Watu wengi wenye mafuta kwenye ini wana ALT isiyozidi kiwango cha maabara.

Kiwango chenyewe nacho kina walakini. Maabara nyingi huandika 40 kama mwisho wa kawaida kwa kila mtu. Wataalamu wa ini huona kwamba kwa mwanamke mwenye afya mwisho wake ni kati ya 19 na 25, na kwa mwanamume kati ya 29 na 33. Kwa hiyo ALT ya 31 ya mama huyu imepita mpaka, ila karatasi haikuiwekea alama nyekundu.

Cha pili ni kwamba AST yake imeipita ALT. Mafuta kwenye ini yakiwa bado machanga, kwa kawaida ALT ndiyo huwa juu. Mambo yakigeuka kwa mtu asiyekunywa pombe, uliza kuhusu makovu. Na makovu ndiyo yenye uzito hapa, kwa sababu ndiyo yanayoweza kulifikisha ini kwenye kusinyaa.

Kuna hesabu ndogo ya kukisia makovu, inaitwa FIB-4, na haihitaji mashine yoyote zaidi ya kikokotoo cha simu:

```
FIB-4 = (umri × AST) ÷ (chembe sahani × √ALT)
      = (52 × 38) ÷ (178 × √31)
      = 1976 ÷ 991 = 1.99
```

Chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67, mpeleke kwa mtaalamu wa ini. Kati ya hapo ni eneo la mashaka, na mama yetu yupo katikati kabisa, akiwa na karatasi inayosema yuko sawa. Kwa mtu aliyepita miaka 65 mpaka wa chini unapandishwa hadi 2.0, maana umri peke yake huivuta hesabu juu. Kwa kijana wa chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki. Hata malaria ya juzi inaweza kuipotosha, kwa kuwa hushusha chembe sahani. Subiri apone, upime upya.

Kabla ya kumaliza na damu, apimwe homa ya ini B na C. Kwetu homa ya ini B ipo ya kutosha, na mtu anaweza kuwa na virusi na mafuta kwa pamoja. Ukiridhika na jibu la mafuta bila kupima virusi, umeacha ugonjwa wenye dawa zake.

Dhana: "Grade 1 ni hatua ya kwanza ya saratani"

Hapana. Namba iliyo kwenye utrasaundi inataja wingi wa mafuta, si makovu wala saratani. Tena utrasaundi huyakosa mafuta yakiwa machache, chini ya takriban asilimia 20, ilhali ini huhesabiwa kuwa na mafuta tangu yanapozidi asilimia 5.

Dhana: "Mie mafuta siyali, yameingiaje kwenye ini?"

Mama atasema hivyo, na anasema kweli kwa anavyojua. Watafiti waliofuatilia mafuta ya ini yalikotoka kwa wagonjwa wanene waliona kwamba karibu asilimia 60 yalitoka kwenye mafuta ya mwili yanayomwagika kwenye damu, kama robo yalitengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndiyo yalitoka moja kwa moja kwenye chakula chenye mafuta. Sukari ya kawaida nusu yake ni fruktosi, na fruktosi sehemu kubwa huishia kwenye ini.

Ndiyo maana kuuliza "unakula vyakula vya mafuta?" hakusaidii. Uliza jana. Anza alipoamka, hadi alipolala, bila kumhukumu, na kila kitu kipimwe kwa chombo chake mwenyewe.

"Uliamka saa ngapi, mama?"

"Saa kumi, mwanangu, nakanda unga."

"Ukaweka nini mdomoni?"

"Chai tu."

Hiyo "chai tu" ndiyo ya kuishika. Alikunywa vikombe vinne kutwa. Mpe kijiko na kopo la sukari aonyeshe anavyoteka, usikubali jibu la mdomo. Alionyesha vijiko vitatu vya kulundika kwa kikombe. Kijiko kama hicho hubeba gramu 6 hivi, kwa hiyo ni gramu 72 kwa siku, karibu kalori 290, na bado hajala. Kisha muulize maandazi yanayovunjika au kuungua yanakwenda wapi. Akacheka: "Si nayala mwenyewe, nitamuuzia nani?" Huwa mawili kila asubuhi, wakati mwingine matatu, na hayahesabu kuwa chakula kwa sababu anayala amesimama.

Mafuta ya kupikia nayo yana njia yake. Usiulize anamimina kiasi gani. Uliza dumu la nyumbani, mbali na la biashara, linaisha lini na wanakula wangapi. Dumu la lita 5 kwa watu wanne kwa mwezi ni mililita 42 kwa kila mtu kwa siku, karibu kalori 340. Nazi ziulizwe vivyo hivyo: ngapi kwa wiki, kwa watu wangapi.

Siku moja haitoshi. Uliza na ya Jumamosi yenye shughuli, na ya mwezi wa Ramadhani, maana futari na daku hubadili kila kitu. Juisi usiisahau. Msimu wa machungwa ya Muheza mtu hukamua manne kwenye glasi moja na kuona ametibu mwili, wakati angeyala yenyewe asingemaliza mawili. Pombe iulizwe kwa kila mtu, mkiwa wawili tu, na itajwe kwa majina: bia, mnazi, gongo. Mbele ya mume au mkwe hutapata jibu la kweli. Malizia na dawa anazotumia, za hospitali na za miti.

Jambo moja la kuwafurahisha watu wa pwani: kahawa chungu ya barazani haina ubaya kwa ini, na wanywaji wa kahawa wameonekana kuwa na makovu machache. Kashata inayoisindikiza ndiyo yenye kesi.

Dhana: "Ukipungua haraka ndivyo ini linavyosafika"

Kupungua kwa pupa, kwa kufunga siku nyingi au kuishi kwa maji ya limau, kunaweza kuchochea ini na kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mwendo unaofaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wala haina haja ya kurudi uzito wa siku ya harusi. Malengo yanahesabiwa kutoka uzito wa leo.

Kwa kilo 84, kupungua asilimia 5 ni kilo 4.2, afike karibu 80. Hapo mafuta ya ini huanza kupungua. Asilimia 7 humfikisha 78, na uvimbe ndani ya ini hutulia kwa wengi. Asilimia 10 ni kilo 75 na nusu, na hapo hata makovu yana nafasi ya kurudi nyuma. Mpe lengo la 80 kwanza. Lengo la mwisho likitajwa siku ya kwanza, wengi hawarudi kliniki.

Wapi pa kukata, historia ya mlo imeshatuonyesha. Chai ibaki vikombe vinne, kijiko kimoja kimoja: kalori 190 zimeondoka. Dumu la lita 5 liwe lita 3: nyingine 135. Maandazi yaliyovunjika apewe mjukuu au kuku: karibu 300. Tumevuka kalori 600 kwa siku bila kugusa wali, samaki wala mchicha. Akiwa na dawa za kisukari zinazoweza kushusha sukari mno, kama gliklazidi au insulini, dozi iangaliwe upya tangu mwanzo wa kupungua.

Mwembamba mwenye mafuta kwenye ini yupo pia, na kwake asilimia 3 hadi 5 huweza kutosha.

Dhana: "Kuna dawa ya kusafisha ini"

Chupa zinazouzwa kwa jina hilo hazitoi mafuta. Baadhi ya dawa za miti zenyewe huumiza ini, na dalili yake huwa ALT inayoruka ghafla hadi mamia. Mafuta peke yake mara chache huipandisha hivyo. Ukiona namba kama hizo, tafuta chupa au virusi. Kinyume chake, dawa za kushusha lehemu zinazoitwa statini watu huziacha wakiliogopea ini, wakati kwa mgonjwa wa namna hii ni salama na moyo wake unazihitaji.

Dhana: "ALT ikishuka umepona"

Vimeng'enya hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6, si kila wiki. ALT hupanda na kushuka yenyewe, na kazi nzito ya misuli siku chache kabla huweza kuipandisha, AST zaidi. Namba moja pekee haisemi mengi.

Tuseme mama amerudi baada ya miezi sita. Uzito 78.5, ALT 22, AST 26, chembe sahani 185. Amepungua asilimia 6.5, na vimeng'enya vimeshuka vizuri. Lakini rudia hesabu: 52 × 26 ni 1352, gawanya kwa 185 × √22, unapata 1.56. Imeshuka kutoka 1.99, ila haijatoka kwenye eneo la mashaka. Kwa hiyo anaandikiwa rufaa ya kipimo cha ugumu wa ini. Kikisoma chini ya kilopaskali 8, anaendelea na kliniki yake ya kisukari na FIB-4 inarudiwa kila mwaka mmoja au miwili. Kikifika 8 au zaidi, aonwe na mtaalamu wa ini.

Kinachotisha ni ALT inayoshuka huku chembe sahani nazo zikishuka mwaka hadi mwaka. Ini lenye makovu mengi huwa halina seli za kutosha za kumwaga kimeng'enya, na wengu uliovimba huzishika chembe sahani. Mtu wa namna hiyo, hata karatasi yake ikiwa haina nyekundu kwenye ALT, haandikiwi arudi baada ya miezi sita. Anapelekwa wiki hiyo hiyo.