Altaneta au Kompresa? Namna ya Kusoma Picha Moja ya Injini

Nilitumiwa picha moja tu, iliyopigwa kwa simu na mtu aliyesimama mbele ya gari lake dogo lenye boneti wazi. Alikuwa amechora duara jekundu juu ya kifaa kimoja, akaniuliza kama hiyo ndiyo altaneta ya kubadilishwa, kwa kuwa taa ya betri ilikuwa haizimiki kwenye dashibodi hata injini ikiwa inanguruma. Kile alichokizungushia duara kilikuwa kompresa ya kiyoyozi.

Kabla ya kutaja kifaa chochote, mimi hutafuta kwanza mbele ya gari iko upande gani wa picha. Rejeta husaidia sana hapa, kwa sababu katika magari mengi ya kawaida hukaa mbele kabisa, nyuma ya grili, ikiwa imesimama wima karibu na kufuli ya boneti. Kwa mtazamo wa juu huonekana kama ukingo mwembamba tu uliotanda kwa upana wa gari, ukiwa na feni kwa ndani, na kinachoithibitisha ni ule mpira mnene wa maji unaotoka kwenye kona yake ya juu kuelekea kwenye injini. Ukifuata mpira huo unafika mahali maji yanapotoka kwenye injini yakiwa moto. Kumbuka pia kwamba mpigapicha aliyesimama mbele ya gari ana mkono wa kushoto wa picha ulio upande wa kulia wa gari; jambo hili dogo limewahi kunifanya nimwelekeze mtu upande usio sahihi.

Hatua inayofuata ni kutafuta mkanda. Katika picha hii injini ililala kwa upana wa gari, kwa hiyo mkanda ulikuwa upande mmoja wa injini na giaboksi upande wa pili. Altaneta na kompresa zote huzungushwa na mkanda, zote zina puli, na kwa kawaida zote zina ganda la alumini la mviringo, ndiyo maana hata fundi anayeanza huzichanganya. Mimi huacha umbo nikaangalia kinachoingia na kinachotoka. Kompresa inasukuma gesi, hivyo lazima iunganishwe na mabomba mawili, aghalabu ya alumini yenye vipande vya mpira, na ganda lake limezibwa kabisa. Altaneta inazalisha umeme, hivyo hupokea nyaya peke yake: plagi ndogo, pamoja na waya mmoja mnene uliofungwa kwa nati nyuma yake na mara nyingi kufunikwa kwa kofia ya mpira. Isitoshe, altaneta nyingi hupozwa kwa hewa, kwa hiyo ganda lake lina matundu marefu ambayo kupitia kwayo unaweza kuona nyaya za shaba zilizosukwa ndani. Nikiona shaba hiyo, sihitaji ushahidi mwingine.

Kanuni hiyohiyo inatatua maboksi mawili meusi ya plastiki yaliyokuwa katika picha. Lile kubwa, lenye vibanio vya chuma pembeni na mpira mnene wenye mikunjo unaoelekea kwenye injini, ni boksi la chujio la hewa. Sensa ndogo iliyochomekwa karibu na mdomo wake hupima hewa inayoingia. Lile lingine lilikuwa limejaa nyaya upande wa chini na halikuwa na mpira wowote, nalo ni boksi la fyuzi.

Picha moja ina mipaka yake. Kifuniko cha plastiki juu ya injini huficha mengi, na katika baadhi ya magari altaneta hukaa chini sana au upande wa nyuma hata isionekane kutoka juu. Ukiona nyaya nene za rangi ya chungwa, gari hilo ni la haibridi au la umeme, huenda halina altaneta kabisa, na nyaya hizo zina volti za kuua, hivyo usiziguse.

Kwa mwenye picha yetu, altaneta ilikuwa imejificha chini ya kompresa, ikionyesha ukingo wa puli tu. Nilimwomba azime injini, ashushe simu pembeni na kupiga picha ya pili kwa tochi. Matundu na shaba vilionekana, na kofia ya mpira ilikuwa imechomoka. Nati ya waya mnene ilikuwa imezungukwa na kutu ya kijani. Waya huo unatoka moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo alitenganisha kwanza ncha ya hasi ya betri, kisha akasafisha na kukaza nati. Injini ilipowashwa, mita ilisoma volti 14.1 kwenye betri, na taa ikazimika.