Troponini ya kwanza iko sawa, mbona wanatoa damu tena? Dhana potofu na ukweli

Mgonjwa amefika na maumivu ya kifua, ametolewa damu, na jibu linasema troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, haijapanda. Baada ya saa moja, mbili au tatu anafuatwa tena kitandani na sindano. Ndugu zake hudhani sampuli ya kwanza imepotea, na hata wahudumu wengine huiona ya pili kama gharama isiyo na lazima. Ukweli ni kwamba mara nyingi jibu linalotafutwa halimo katika sampuli moja. Limo katika tofauti kati ya sampuli mbili, ikisomwa pamoja na saa ambayo maumivu yalianza.

Dhana: Troponini ya kwanza ikiwa chini ya kikomo, moyo uko salama.

Troponini ni protini iliyofungwa ndani ya nyuzi zinazofanya misuli ya moyo ijikunje. Ni kiasi kidogo tu kinachoelea huru ndani ya seli. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli huanza kuumia, utando wake hupasuka, na kile kiasi kidogo kilicho huru ndicho kinachotangulia kuvujia kwenye damu. Iliyobaki huachiliwa polepole kadiri nyuzi zinavyovunjika, kazi inayochukua siku kadhaa. Isitoshe, eneo lililozibwa halipati damu ya kutosha, kwa hiyo hata kilichovuja huchelewa kufika kwenye mshipa wa mkononi.

Vipimo vya zamani vilihitaji saa 3 hadi 6 tangu maumivu yaanze ndipo vione kitu. Vipimo vya sasa vyenye usikivu mkubwa huweza kuona ongezeko ndani ya saa 1 hadi 3. Vimefupisha kusubiri, lakini havijakuondoa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58. Maumivu yalianza saa 2:00 usiku. Kipimo cha umeme wa moyo hakionyeshi kuinuka kwa mstari wa ST, ishara ya mshipa wa moyo ulioziba. Damu ya kwanza inatolewa saa 3:30 usiku, yaani dakika 90 tangu maumivu yaanze. Maabara inatumia troponini T ya Roche yenye usikivu mkubwa, ambayo kikomo chake cha juu ni 14 ng/L, kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya hawakivuki. Jibu ni 9. Akiruhusiwa kwenda nyumbani hapo, karatasi yake itasomeka "kawaida".

Saa 4:30 usiku anatolewa tena, na jibu ni 17. Ukiitazama 17 peke yake haitishi, kwa kuwa imevuka kikomo kwa nanogramu 3 tu. Lakini imepanda kwa 8 ndani ya saa moja. Kwa kipimo hiki, utaratibu wa Jumuiya ya Kadiolojia ya Ulaya wa sampuli mbili kwa saa moja unasema ongezeko la 5 ng/L au zaidi linamweka mgonjwa kwenye kundi la kulazwa na kuchunguzwa kama mwenye mshtuko wa moyo. Saa 6:30 usiku troponini yake ni 46. Hiyo ya tatu imethibitisha tu kile ambacho hatua kutoka 9 hadi 17 ilikuwa imekwisha kusema.

Ingekuwaje kama ya pili ingekuwa 10? Utaratibu huohuo unaruhusu kuuondoa mshtuko wa moyo kwenye orodha ikiwa ya kwanza iko chini ya 12 na tofauti ya saa moja iko chini ya 3. Na kama ya kwanza ingekuwa 16, ya pili 18? Tofauti ni ndogo, lakini ya kwanza si ya chini vya kutosha. Huyo yuko eneo la kati: haruhusiwi, wala hajathibitishwa. Anatolewa sampuli ya tatu saa 3 baada ya ile ya kwanza, na anafanyiwa ultrasaundi ya moyo.

Sampuli moja inaweza kutosha katika hali moja tu ya upande wa chini: maumivu yameanza zaidi ya saa 3 zilizopita na kiwango ni kidogo mno, chini ya 5 kwa kipimo hiki. Hata hapo kipimo cha umeme wa moyo na hali ya mgonjwa lazima vikubaliane na namba hiyo.

Dhana: Saa zinahesabiwa tangu mgonjwa afike.

Kuna hesabu mbili za saa na hazichanganywi. Ya kwanza huanza maumivu yalipoanza, nayo hueleza kama troponini imepata muda wa kutoka. Ya pili ni muda kati ya sindano na sindano, nayo ndiyo inayotumika kukokotoa tofauti. Muda ambao majibu yalitoka maabara hauhusiki kabisa. Kwa hiyo saa ya kutoa damu iandikwe kwenye chupa na kwenye faili palepale kitandani. Sampuli ya "saa moja" iliyotolewa baada ya saa 1 na dakika 50 haisomwi kwa kigezo cha saa moja, maana troponini imepewa muda wa ziada wa kupanda. Kigezo cha saa mbili kina namba zake: kwa kipimo hiki ongezeko linalothibitisha ni 10, si 5.

Aliyefika ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze asomwe kwa tahadhari zaidi. Kwake sampuli ya pili inayofaa ni ya saa 3.

Dhana: Troponini ikiwa juu, ni mshtuko wa moyo.

Namba ya juu inasema misuli ya moyo inaumia au imeumia. Haisemi nani ameiumiza. Figo zilizochoka kwa muda mrefu, moyo kushindwa kazi na unene wa misuli ya moyo unaotokana na shinikizo la damu huweza kuweka troponini juu ya kikomo kila siku. Mgonjwa wa figo aliyepata 48, kisha 50, kisha 47 ana mstari ulionyooka. Tofauti za namna hiyo hutokana na mashine na mwili wenyewe, kwa sababu hata sampuli ileile ikipimwa mara mbili haitoi namba ileile. Pale ambapo ya kwanza tayari iko juu, badiliko la asilimia 20 au zaidi ndilo huchukuliwa kuwa ni la kweli. Ukipata majibu yake ya miezi iliyopita, yalinganishe, kwa sababu 48 ya leo ikikuta 45 ya mwaka jana inaeleweka haraka. Mstari ulionyooka namna hii bado ni dalili ya moyo wenye tatizo la kudumu, na mwenye nao apangiwe ufuatiliaji.

Kupanda nako kuna sababu nyingine. Damu kuganda kwenye mapafu, maambukizi makali ya damu, mapigo ya moyo yanayokwenda kasi mno na uvimbe wa misuli ya moyo vyote huchora mlima. Ndiyo maana ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2018 unadai mambo mawili pamoja: troponini inayopanda au kushuka, ikiwa na angalau namba moja juu ya kikomo, na ushahidi kwamba misuli imekosa damu, kama vile dalili za mgonjwa, mabadiliko kwenye umeme wa moyo au picha.

Asilimia, hata hivyo, inapotosha kwenye namba ndogo. Kutoka 4 hadi 6 ni ongezeko la asilimia 50, lakini ni nanogramu 2 tu, na nanogramu 2 ni mtikisiko wa kawaida wa mashine. Huko chini soma tofauti yenyewe, si asilimia.

Dhana: Isipobadilika, si mshtuko wa moyo.

Hili ndilo kosa linalotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu anayelifanya anaamini amefuata kanuni. Troponini hupanda, hufika kileleni mara nyingi kati ya saa 12 na 24, kisha hushuka polepole: troponini I kwa takriban wiki moja, troponini T hadi wiki mbili. Karibu na kilele, na kwenye mteremko mrefu, mstari huonekana kama umelala.

Mgonjwa aliyeumwa kifua juzi anapima leo na kupata 620, na baada ya saa 3 anapata 598. Tofauti haifiki asilimia 4. Aliyekariri kanuni ya asilimia 20 ataandika "imetulia, tatizo la kudumu". Aliyeuliza maumivu yalianza lini atajua kwamba yuko kwenye mteremko. Hapo anatafuta mawimbi ya Q, alama ya misuli iliyokufa, kwenye umeme wa moyo na ukuta wa moyo usiojongea vizuri kwenye ultrasaundi, kisha anarudia troponini kesho yake. Tatizo la kudumu litabaki palepale, ila mshtuko wa juzi utakuwa umeshuka waziwazi.

Kuna pia mshipa uliobanwa na kutishia kuziba bila kuua seli za kutosha. Huyo ana maumivu yanayozidi hata akiwa amepumzika, na troponini yake haipandi. Mstari wake ulionyooka haumruhusu kwenda nyumbani.

Dhana: Namba za maabara yoyote zinalinganishika.

Haziwezi. Troponini T na troponini I ni protini mbili tofauti, na hata vipimo viwili vya troponini I kutoka kwa watengenezaji wawili hutoa namba zisizolingana. Sampuli ya kwanza ikipimwa kwa kifaa cha kando ya kitanda na ya pili kwa mashine kubwa ya maabara, tofauti yake haina maana, hivyo anza upya kwa mashine moja. Angalia na kizio: 0.05 ng/mL ni sawa na 50 ng/L. Chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu, troponini T ya Roche husomeka chini kuliko ilivyo, na ongezeko la kweli linaweza kufichika. Sampuli ambayo majimaji yake yaliyotenganishwa na chembe yana rangi ya pinki au nyekundu itolewe tena.

Vifaa vya kadi vinavyojibu "ipo" au "haipo" haviwezi kuonyesha mwelekeo. Jibu la "haipo" mapema lirudiwe angalau saa 6 tangu maumivu yaanze.

Dhana: Matibabu yasubiri troponini.

Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kikionyesha mstari wa ST umeinuka kwa namna ya mshtuko wa moyo, mshipa unafunguliwa bila kungoja damu, hata kama troponini ya kwanza ni 9. Na baada ya mshipa kufunguka, namba huruka ghafla, labda kutoka mamia hadi maelfu, jambo linalowatisha ndugu wanaosoma majibu. Damu iliyorudi ndiyo inayoisafirisha troponini iliyokuwa imekwama kwenye misuli, na katika hali hiyo kilele cha mapema ni ishara kwamba njia imefunguka.