Akili mnemba haijui sura ya marehemu baba yako

Wiki hii wamenijia watatu na imani ileile. Wa mwisho, mama mmoja wa Tukuyu, aliingia studio kwangu hapa Mwanjelwa akanionyesha picha kwenye simu: watu wamejipanga mbele ya kanisa, marehemu baba yake mstari wa nyuma. "Mwanangu, nimeambiwa ukiiweka kwenye akili mnemba sura inarudi kama ilivyokuwa." Mama, hairudi.

Inapokea picha gani?
JPG na PNG hupita karibu kila mahali. HEIC za aifoni hukataliwa na programu nyingi, zigeuze kuwa JPG kwanza.

Mbona imeipokea, lakini anatoka mtu mwingine?
Hapa ndipo watu hawanielewi. Kupokelewa kwa picha ni suala la faili tu. Hakuna anayekagua kama uso unaonekana. Picha ile ilikuwa imezunguka WhatsApp mara kadhaa, na uso wa mzee ulibaki na upana wa pikseli 58. Stable Diffusion, programu ya akili mnemba ninayoitumia, kabla ya kuchora huibana picha mara 8 kwa upana na mara 8 kwa urefu. Kwa hiyo uso mzima wa mzee unabaki na viboksi 7 hivi vya habari kwa upana. Macho, pua na mdomo vigawane hivyo! Pasipo na habari, programu hujazia kutoka kwenye nyuso za watu wengine ilizofunzwa nazo. Inachora mzee anayependeza, ila hana uhusiano na familia yako. Kukuza picha kwanza hakusaidii, maana pikseli zinaongezeka na habari ni ileile.

Nifanye nini?
Rudi kwenye picha ya karatasi. Mama aliifuata Tukuyu. Niliilaza karibu na mlango, kwenye mwanga wa kivuli, bila fleshi, nikaipiga kwa karibu mpaka uso ukafika pikseli 600. Kama uko mbali, nitumie kwa WhatsApp kama faili ya `Document`, isibanwe.

Kisha ndani ya programu kuna kipimo cha `Denoising strength`, kuanzia 0 hadi 1: ukipandisha, programu inajitungia zaidi. Kwa 0.6 mzee alitoka na ngozi laini na meno meupe, na kovu lililokuwa juu ya nyusi yake ya kushoto halikuwepo. Kwa 0.25 kovu lilibaki, mikwaruzo ikapungua, ila ukungu kidogo ulikuwepo. Hata kwa 0.25 kuna picha ambazo kovu hupotea, ndiyo maana simwahidi mteja kabla sijajaribu.

Nilimwekea zote mbili mezani bila kumwambia ipi ni ipi. Ile yenye meno aliitazama kidogo, akaisogeza pembeni. "Huyu simjui." Kwenye ile ya ukungu aliweka kidole juu ya kovu. "Hapa alikatwa na jembe." Nikamchapia hiyo.